Jina limekosewa kwenye kava la kijitabu cha mazishi: usiku wangu wa herufi S

*"Wakuu, nimechapa vijitabu 200 vya mazishi, jina la marehemu kwenye kava limekosewa. Ibada kesho saa nne asubuhi. Nibandike stika, au nichape upya vyote?"*

Mkuu, pole. Usichape upya vyote, na stika iache iwe njia ya mwisho kabisa. Badilisha kava peke yake. Nakusimulia yaliyonikuta, uchukue la kuchukua.

Kazi yangu ilikuwa vijitabu 180, saizi ya A5, kurasa 16. Maana yake karatasi nne za A4 zilizokunjwa katikati: tatu za ndani, na moja nene ya gramu 250 ndiyo kava. Nilivipeleka msibani Mbezi saa mbili usiku, maboksi mawili, nikapewa chai. Nikiwa nakunywa, shangazi wa marehemu akachukua kimoja, akakisogeza chini ya taa ya turubai na kusoma kwa kidole, herufi kwa herufi. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida tu: "Kwani aliyekufa nani, Samuel au Emanuel?"

Emanuel alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka kwangu. Ndiye mdogo wa marehemu, na ndiye aliyenitumia maelezo yote kwa Wasap. Mwisho wa ujumbe aliandika jina lake, kama watu wanavyofanya. Kijana wangu alipokuwa akipanga kava alinakili mstari wa mwisho. Picha ya Samuel, tarehe za Samuel, na juu yake MAREHEMU EMANUEL.

Mtaniuliza kwani sikukagua. Nilikagua. Nilifungua ile PDF nikatafuta neno "Emanuel" kwa Ctrl+F, likatokea mara moja tu, kwenye orodha ya ndugu, mahali pake halali. Nikaridhika. Kosa langu ni kwamba maandishi ya kava yalikuwa yameshageuzwa kuwa michoro kwenye CorelDRAW (ile Ctrl+Q), kwa sababu wachapaji hawakuwa na fonti yetu. Maandishi yakishakuwa michoro, kompyuta hailioni neno pale, inaona maumbo. Hayatafutiki, hayahaririki. Kava linakaguliwa kwa macho, na kwa macho ya mtu ambaye hakuliandika. Shangazi alifanya kwa nusu dakika kazi iliyonishinda mimi.

Wazo la kwanza la kila mtu pale lilikuwa stika. Nilikataa, na sababu yangu haikuwa ya kidizaini. Stika ina ukingo unaoshikika kwa kucha, na mtu anayesubiri ibada ianze ataibandua tu. Chini yake atakuta mtu aliye hai, aliyekaa mstari wa mbele, ameandikwa marehemu. Emanuel mwenyewe hakusema neno. Alikuwa amelaza kitabu kifudifudi kwenye paja.

Kabla sijaondoka nilifanya mambo mawili, na haya mawili ndiyo yaliyoniokoa muda.

La kwanza, niliuliza jina linaandikwaje. Nikapewa majibu matatu: Samuel, Samwel na Samweli. Usicheke, familia nyingi ziko hivyo. Nikaomba kitambulisho cha taifa cha marehemu, nikauliza pia fundi wa msalaba ameandika nini, maana msalaba ulikuwa umeshakauka rangi. Vyote viwili: SAMUEL. Hapo nikapumua, kwa sababu utakayoiona.

La pili, niliwaachia vijana wanne kazi ya kufumua pini. Kila kitabu kina pini mbili mgongoni. Unakifungua katikati, unainua miguu ya pini kwa ncha ya kisu butu mpaka isimame wima, kisha unaivuta kwa nje. Ukianzia nje unachana karatasi. Zile karatasi tatu za ndani zinabaki pamoja, unazibana kwa kibanio ili zisichanganyike. Kitabu kimoja kwa dakika moja, watu wanne, ilitosha chini ya saa moja. Kazi hiyo iliendelea wakati mimi niko juu ya bodaboda kurudi dukani Kinondoni.

Dukani saa tatu na robo. Faili lililokuwepo ni lile la michoro, kijana alihifadhi juu ya lile la mwanzo. Fonti ilikuwa kwenye laptopu yake, na simu yake imezimwa. Kutafuta fonti nyingine inayofanana ilikuwa hatari, kwa sababu neno MAREHEMU lingebaki na sura moja na jina sura nyingine, na watu wangejua pamekarabatiwa hata kama hawawezi kusema ni wapi.

Nikakaa nikaliangalia lile jina. E-M-A-N-U-E-L. Ninachotaka ni S-A-M-U-E-L. A ipo, M ipo, U, E, L, zote zipo. Nimekosa herufi moja tu. Wangesema Samwel ningehitaji W, na kwenye kava zima hapakuwa na W.

S ilikuwepo juu, kwenye IBADA YA MAZISHI, fonti ileile na unene uleule, ila ndogo: pale pointi 28, jina pointi 42. Nikainakili, nikaikuza asilimia 150. Kama kichwa kingekuwa cha herufi nyembamba na jina la herufi nene, ujanja huu usingefaa. S ingekuja imekonda katikati ya wenzake.

Nikaipanga, nikaishusha mpaka chini yake ikalingana sawasawa na chini ya A, na juu nikaipunguza kidogo ilingane na M. Nikarudi nyuma kuangalia. S ilionekana ndogo, kama mtoto aliyesimamishwa kwenye mstari wa watu wazima. Nikakumbuka kwamba herufi za mviringo, S, O, C, huchorwa zikipita mstari kidogo sana juu na chini, kwa sababu jicho hulidhulumu umbo la duara. Mimi nilikuwa nimeilazimisha ilingane na mstari. Nikaifuta, nikaileta upya kwa asilimia 150 kamili bila kuibana, nikaiacha ipite mstari unywele mmoja juu na unywele mmoja chini. Ikakaa. Kisha nikalisogeza jina zima katikati, maana herufi saba zimekuwa sita na lilikuwa limelalia upande mmoja.

Nilitoa nakala moja kwenye printa yangu ndogo, nikaipiga picha, nikamtumia Emanuel. Sikumwandikia "angalia kama iko sawa", kwa sababu mtu aliyechoka atajibu iko sawa. Nilimwambia amsomee shangazi kwa sauti, kila neno, na tarehe zote. Jibu lilikuja baada ya dakika sita: "Shangazi anasema ndiye."

Mchapaji wa Kariakoo alikuwa ameshafunga, nilimtoa nyumbani. Kava mbili zinaingia kwenye karatasi moja ya SRA3, kwa hiyo 180 ni karatasi 90. Niliomba 100, maana zitakazoharibika kwenye kukata na kukunja hazikosekani. Angalia hapa mkuu: kava lina pande mbili. Ukurasa wa 2 na wa 15 uko nyuma yake. Ukipeleka faili la mbele peke yake utarudi na kava jeupe kwa ndani, na ratiba ya siku itakuwa imepotea.

Kuna jambo dogo la vipimo ambalo wengi hulisahau. Vitabu vyangu vilikuwa vimeshakatwa ukingo, kwa hiyo havikuwa tena na upana wa A5 wa milimita 148. Nilipima kimoja kwa rula nikapata 146. Kava jipya likikatwa kwa kipimo cha kawaida lingezidi kurasa za ndani kwa milimita mbili, na kitabu kingeonekana kimevaa koti la kaka yake. Nikamwambia akate kava likiwa wazi kwa 292, si 297. Na kabla ya kukunja lipigwe mfereji wa mkunjo kwa mashine. Gramu 250 ikikunjwa kavukavu rangi hupasuka mgongoni, unabaki na mstari mweupe uliochanika, na kava letu lilikuwa la bluu iliyokolea.

Saa saba kasoro robo usiku nilikuwa Mbezi tena. Tukakaa kwenye mkeka watu sita, mmoja anavalisha kava, mmoja anapanga, mmoja anapiga pini kwa stepla ndefu. Matundu ya zamani hayasumbui. Ukijaribu kupita palepale pini hupinda, basi unasogea kando milimita tatu hivi, na kava jipya halina matundu ya kuonyesha.

Saa tisa tukamaliza. Emanuel akaomba kava za zamani zote. Akazihesabu mwenyewe, kumi kumi, na kila fungu akalipeleka jikoni kwenye moto wa chai ya wakeshaji. Alipofika mwisho akasema: "Ni 179."

Hii mkuu ifanye sasa hivi, kabla hujagusa kompyuta: uliza nakala ngapi zimeshatoka mkononi. Sisi tulisahau kwamba mchungaji alipita saa mbili usiku kuomba na wafiwa, akapewa moja ajiandalie mahubiri.

Saa tatu na nusu asubuhi nilimkuta anashuka kwenye gari. Nikamwelezea, nikamkabidhi kitabu kipya. Akakigeuza mbele na nyuma, akanishukuru, halafu akafungua kile cha zamani akanionyesha. Upande wa ndani wa kava, pale pembeni mwa ratiba, alikuwa ameandika mahubiri yake yote kwa kalamu, yamezunguka mpaka kwenye kona. Hakukuwa na muda wa kunakili. Akachomoa kalamu, akakata EMANUEL kwa mstari mmoja, akaandika Samuel juu yake kwa mwandiko wake, akaingia nacho.

Ibada nzima nilikuwa nakitazama kile kitabu pale mimbarini. Baada ya kuaga, Emanuel alikwenda kukiomba. Alikunja kava mara mbili, akalitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, akapanda basi la msafara kwenda Moshi.

Kwa hiyo wewe: kama faili lako bado lina maandishi yanayoharirika, una usiku mzima na umeshashinda. Kama ni michoro, tuandikie hapa jina lililopo na jina linalotakiwa, tuone unakosa herufi gani. Stika ibaki kwa mwenye saa mbili tu mkononi, na hapo isizibe jina peke yake: kata ukanda mmoja unaotoka ukingo mpaka ukingo wa kava, juu ya eneo lenye rangi moja, ili pasiwe na kona ya kushikika katikati.