Wastani ni 66, moduli moja 46

"Nasomea ufundi umeme. Moduli nne nimepata 78, 71, 69 na 46. Kila moduli pasi ni 50. Wastani wangu 66 hautanibeba?"

Hautakubeba, ndugu yangu. Pasi ya kila moduli ni mlango. Wastani huhesabiwa ukishaipita milango yote. Kwa sasa hiyo 66 ni hesabu tu, haikupi daraja.

Kabla ya kujiandikisha kurudia, omba mchanganuo wa alama za hiyo 46. Huenda nadharia umepita na vitendo ndivyo vilivyokuangusha, na baadhi ya vyuo hukurudisha kwenye sehemu uliyofeli peke yake. Usirudie yote bure!

Kisha uliza jambo ambalo wengi hulisahau: je, alama ya marudio ina kikomo? Tuseme umerudia ukapata 62. Ikiandikwa 62, jumla yako ni 280, wastani 70. Chuo kikiweka kikomo cha 50, jumla ni 268, wastani 67. Kama daraja la juu linaanzia 70, umelikosa hata ungepata 90. Hapo, kama bado una moduli mbele, nguvu zako zielekeze huko, ndizo zitakazopandisha wastani.