Ukibadilisha saa na ukumbi wa harusi, andika hivi ili wageni wasipotee

Zimebaki siku 12 harusi ifike, Jumatatu tarehe 8, napigiwa simu na wenye ukumbi kwamba Jumamosi ya tarehe 20 wameshaikodisha kwa watu wawili, na yule mwenzetu kalipa mapema kuliko sisi. Nisiwachoshe na kilichofuata, tulilia, tukanuna, jioni tukapata ukumbi mwingine ila unapatikana mapema kidogo, kwa hiyo ndoa ikatoka saa kumi jioni ikaja saa nane mchana. Tarehe ileile. Kadi zilishasambaa zote, watu 180.

Kosa langu la kwanza lilikuwa meseji. Jumanne asubuhi nikaandika kwa uchungu kabisa, ndugu jamaa na marafiki, kwa masikitiko makubwa tunapenda kuwaomba radhi kwa usumbufu, sijui kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu, yani mistari sita ya kuomba msamaha ndio nikafika kwenye saa mpya. Sasa WhatsApp meseji ndefu inaikata, unaona mwanzo tu halafu unatakiwa ubonyeze usome zaidi, na watu wengi hawabonyezi. Waliona "masikitiko makubwa" wakadhani kuna msiba. Mama mdogo alinipigia anapumua juujuu anauliza nani kafariki. Wengine wakaweka dole gumba wakaendelea na maisha yao.

Kosa la pili ni saa yenyewe. Niliandika "8:00 mchana" nikaona iko wazi. Rafiki yangu mmoja akaichukua hivyohivyo akaiweka kwenye simu imkumbushe, simu haijui Kiswahili, kwa simu 8:00 ni saa mbili asubuhi. Na ndugu walioko nje ya nchi, waliozoea kusoma saa za kizungu, wakaanza kuulizana kama ndoa inafungwa asubuhi. Kwa hiyo saa andika kwa maneno kwanza, sema ni mchana au jioni, halafu weka tarakimu za saa 24 kwenye mabano: saa nane mchana (14:00). Hapo hakuna wa kuchanganya. Na usiandike "Jumamosi ijayo" hata kama unaona inaeleweka, kuna mtu kwake ijayo ni hii na kuna mtu kwake ni ile ya wiki inayofuata, weka siku na tarehe vyote viwili.

Kitu ambacho sikukifikiria mpaka dada yangu aliponishtua ni kwamba saa ikirudi nyuma ni hatari kuliko ikisogea mbele. Ikisogea mbele, asiyepata taarifa atafika mapema akae asubiri, atalalamika lakini ndoa ataiona. Ikirudi nyuma kama yetu, asiyepata taarifa anafika watu wameshatoka na mashada. Ndo maana kwetu meseji peke yake haikutosha, ilibidi tupige simu. Tulichukua ile orodha ya waalikwa tukaichapisha, tukaigawa kwa watu watano, kila mmoja watu 36, na pembeni ya kila jina kuna sehemu tatu za kujaza: kapokea simu, kairudia mwenyewe saa na mahali, anakuja na wangapi. Hiyo ya kuirudia msiiache. Ukimwambia mtu "umeelewa?" atakujibu ndio, ukimwambia "hebu nirudishie baba, ni saa ngapi na wapi?" hapo ndo unagundua bado kichwani ana saa kumi. Wazee tuliwaanza wao, kwa sauti, sio meseji.

Meseji ya pili tuliyoituma Alhamisi tarehe 11 ndio iliyofanya kazi, naiweka hapa kama ilivyokuwa, majina tu nimeyatoa:

"MABADILIKO YA HARUSI: SAA NA UKUMBI. Tarehe haijabadilika, ni Jumamosi tarehe 20.
Saa mpya: saa nane mchana (14:00). Milango inafunguliwa saa saba.
Ukumbi mpya: (jina na mtaa). Ule wa kwenye kadi HATUUTUMII TENA.
Jibu kwa namba hii moja tu, mwisho Jumatatu tarehe 15 saa mbili usiku (20:00). Andika jina lako, NDIO na idadi ya watu, au HAPANA.
Maelekezo yako kwenye meseji inayofuata. Kadi yako ni halali, njoo nayo.
Imeandikwa Alhamisi tarehe 11. Ukiona tangazo lolote lenye saa kumi ni la zamani. Samahani sana kwa usumbufu."

Angalia samahani imekaa wapi, mwisho. Saa ya zamani imetajwa mara moja tu, na sio karibu na ile mpya, maana mtu anayesoma haraka akiona saa mbili zimefuatana anabeba yoyote. Ile tarehe ya kuandikwa inasaidia kwa sababu meseji za harusi zinafowadiwa mpaka mwisho wa dunia, na picha ya kadi ya zamani bado inazunguka kwenye magrupu, kwa hiyo mtu akipata zote mbili ajue ipi ndio ya mwisho. Na kuhusu kadi kuwa halali, hiyo tuliiongeza baada ya watu kama ishirini kuuliza swali hilohilo. Tuliituma kama maandishi, sio picha iliyopambwa maua, kwa sababu kwenye maandishi mtu anabonyeza namba anapiga, na anaweza kunakili akamtumia shangazi mwenye simu ya kitochi.

Sasa maelekezo. Hapa ndo nilijifunza zaidi. Kaka yangu alikwenda ukumbi mpya akatuma lokesheni kwenye grupu la familia, safi kabisa, kumbe katuma ile ya moja kwa moja inayomfuata mwenye simu, sio ile ya mahali palepale. Alipotoka pale akapitia kwa fundi nguo kuchukua suti, na wajomba wawili waliotaka kwenda kupaona mapema siku hiyohiyo wakamfuata mpaka kwa fundi. Ile ya moja kwa moja unachagua dakika 15, saa 1 au saa 8 halafu inakwisha, kwa hiyo siku ya harusi ingekuwa haipo hata. Tuma ile ya mahali, na utume ukiwa umesimama getini. Getini, sio katikati ya ukumbi. Sisi alama ya kwanza ilikuwa juu ya jengo, ramani ikawa inampeleka mtu kwenye barabara iliyo karibu na hilo jengo, ambayo iko nyuma, unafika unakuta ukuta mrefu, muziki unausikia ila mlango huuoni.

Na bado ramani peke yake haitoshi, bando linaisha, simu inazima. Tuliandika kwa maneno kuanzia sehemu ambayo kila mtu anaijua, na tukaandika mara mbili, kwa wanaotoka mjini na kwa wanaotokea upande wa pili, maana kushoto ya mmoja ni kulia ya mwenzake:

"Ukitoka mjini: pita mzunguko mkubwa, nyoosha kama dakika tano kwa gari mpaka daraja la waenda kwa miguu. Ukishalipita tu, kata kushoto barabara ya lami. Geti la bluu liko kulia, baada ya tangi la maji. Ukifika mwisho wa lami umepitiliza, rudi.
Ukitokea upande wa pili: ukiliona hilo daraja mbele yako, kata kulia kabla hujalifikia. Kuanzia hapo ni sawa na wenzako.
Kwa daladala au basi: shuka kituo cha darajani, tembea dakika saba."

Huo mstari wa umepitiliza ndo watu walioushukuru kuliko yote. Alama chagua zisizohama. Rasimu ya kwanza ilikuwa na "kwenye bango la simu", tukaenda kuhakiki bango limeshabandikwa tangazo lingine. Kisha mpe mtu asiyepajua kabisa asome akiwa peke yake, usimsaidie, muone anasitasita wapi. Sisi tulimtuma shemeji, akasimama darajani akapiga simu kwa sababu tuliandika "kata kushoto hapo darajani" bila kusema kabla au baada.

Tarehe ya mwisho ya kujibu msiipange kwa kubahatisha. Anzia mwisho urudi nyuma. Ukumbi mpya ulikuwa mdogo, unachukua 150, na walitaka idadi kamili Jumatano tarehe 17 saa sita mchana ili wapange viti na chakula. Ningewaambia wageni mwisho ni hiyo Jumatano ningekwama, kwa sababu kuna watu hawajibu mpaka uwafuate. Ndo tukaweka Jumatatu saa mbili usiku, Jumanne nzima ikawa ya kuwapigia walionyamaza. Walikuwa 41, nilihesabu. Na usiandike "kabla ya Jumatatu", utaulizwa kama Jumatatu yenyewe imo.

Halafu dole gumba sio jibu. "Nimeipata" sio jibu. "Panapo majaliwa" ndo kabisa, nilipata kama kumi za hivyo, na huwezi kumlaumu mtu kwa kumtaja Mungu ila kiti ninakiweka au sikiweki? Tulikuwa tunamrudia kwa upole, "amina mama, basi nikuandikie wawili?" na hapo anajibu. Namba ya kujibia iwe moja, na isiwe ya bibi wala bwana harusi. Ya kwetu ilikuwa ya binamu ambaye hana aibu ya kuuliza mara mbili.

Tuliyemsahau ni mpiga picha. Hayumo kwenye orodha ya waalikwa, hayumo kwenye grupu lolote, kwa hiyo zile simu zote hazikumgusa, na siku tatu kabla akatuma meseji ya kawaida tu, "saa tisa na nusu nitakuwa pale kuandaa taa". Nilihisi baridi mgongoni. Hapohapo tukapigia mpambaji, emsii, dereva na mfungishaji ndoa, mmoja baada ya mwingine. Tengeneza orodha yao pembeni kabisa, wanaokuja kufanya kazi.

Siku yenyewe tukamweka mpwa wetu kwenye geti la ukumbi wa zamani, kuanzia saa saba mpaka saa kumi na nusu, ana bango la mkono na nakala za maelekezo zilizochapishwa, maana kutoka pale mpaka kwetu ilikuwa dakika 25. Alielekeza magari manne. La kwanza lilikuwa la baba mkubwa, aliyekuwa mtu wa kwanza kabisa kujibu NDIO 2, tena aliirudia saa na mahali vizuri kwenye simu. Mpwa anasema alimkuta ametulia kwenye gari kioo kimeshushwa, saa saba na dakika tano, anashangaa mbona watu hawaji.