Barua ya kuachisha kazi kwa lugha mbili: sababu iwe moja

Swali: "Wakuu, naomba sampuli ya barua ya kumwachisha kazi mfanyakazi wa mshahara wa mwezi, ametutumikia miaka minne hapa Dar. Kazi zimepungua. Makao makuu wanataka na ya Kiingereza. Notisi ni siku ngapi, na malipo ya mwisho yaandikweje?"

Usithubutu kuipeleka barua hiyo kwa mtu wa steshenari aitafsiri. Wetu, aliyejinadi kuwa bingwa wa barua za kisheria na akalipwa kwa ukurasa, alikuta sentensi inayosema nafasi imeondolewa kwa sababu kazi zimepungua, akaigeuza kwa Kiingereza ikawa mtu amefukuzwa kwa utovu wa nidhamu. Kiingereza chenyewe kilinyooka kiasi kwamba nilidhani tumepata msomi.

Mhasibu wa makao makuu, asiyejua Kiswahili, alisoma nakala hiyo akafuta kiinua mgongo. Kwa alichokisoma hakukosea, kwa kuwa kifungu cha 42 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini hakimpi kiinua mgongo mtu aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Mfanyakazi akaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na barua zote mbili, zenye tarehe moja na sahihi moja. Wajibu wa kuthibitisha kuwa uachishaji ulikuwa wa haki ni wa mwajiri. Sasa tungethibitisha sababu ipi, ya Kiswahili au ya Kiingereza? Tuliishia kulipa zaidi ya kile kiinua mgongo kilichofutwa, na bingwa wetu alikuwa ameshabadilisha namba ya simu.

Kwa hiyo sababu iwe moja, neno kwa neno, katika lugha zote mbili, na asiweke mtu sahihi kabla mwingine hajaisoma ya Kiingereza na kumweleza kwa Kiswahili inachosema. Andika hivi: "Ajira yako itakoma tarehe 31 Julai 2025 kwa sababu nafasi yako imeondolewa kutokana na kupungua kwa kazi. Notisi hii ya siku 28 imetolewa tarehe 3 Julai 2025." Usiongeze "na mwenendo wako", hata kama mwenendo ulikuudhi.

Malipo yaandikwe kwa shilingi, kila moja mstari wake, kwa sababu tarakimu haihitaji mkalimani. Kwa mshahara wa msingi wa 520,000 kwa mwezi na kazi ya siku sita kwa wiki, yaani siku 26 kwa mwezi, siku moja ni 20,000. Kiinua mgongo ni siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, yaani 140,000 mara nne, 560,000. Mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuichukua na nauli ya kumrudisha alikoajiriwa, kama ni kwingine, vina mistari yao. Mstari wa malipo badala ya notisi uwepo tu iwapo hafanyi kazi siku hizo 28. Ukimwambia afanye kazi na papo hapo ukauandika, atakudai vyote viwili, na barua itakuwa upande wake.

Haya yote yaje baada ya kumpa taarifa ya nia ya kupunguza wafanyakazi na kushauriana naye, kama kifungu cha 38 kinavyotaka. Na kama yuko likizo, msubiri arudi, kwa maana notisi haitolewi mtu akiwa likizoni.