Je vais peke yake haitoshi

*Mwalimu, nimeshauriwa nitumie "je vais" na kitenzi kila mahali, niachane na futur simple kwa sababu mashina yake yanachosha. Mbona sentensi yangu "Quand je vais avoir mon diplôme, je vais venir te voir" imepigwa mstari mwekundu?*

Kosa liko kwenye quand. Kishazi cha quand kinachotaja jambo lijalo huchukua futur simple: "Quand j'aurai mon diplôme, je viendrai te voir." Kiswahili chako kinakusaidia hapa, maana unasema "nitakapopata", na ile -taka- ni ya wakati ujao. Ukitaka "nikipata" ya sharti, tumia si na wakati uliopo: "Si j'ai mon diplôme, je viendrai." Nusu ya pili ya sentensi yako, "je vais venir", haina kosa.

Aliyekushauri huenda pia alikwambia kwamba futur proche, yaani hiyo "je vais" na kitenzi, ni ya mambo ya karibu na futur simple ni ya mambo ya mbali. Dhana hiyo inaniudhi kuliko zote, kwa sababu saa si kipimo. "Je serai là dans cinq minutes" ni futur simple, na ni dakika 5 tu. "Elle va avoir un bébé" husemwa juu ya mama mjamzito hata kama imebaki miezi 6, kwa kuwa dalili ipo sasa. "Elle aura un bébé" ni utabiri tu, bila dalili yoyote ya sasa.

Viishio havina shida: -ai, -as, -a, -ons, -ez, -ont, kwa kila kitenzi bila ubaguzi. Kazi ipo kwenye shina, na shina la futur simple daima huishia na r. Lakini shina si kitenzi kizima kila mara, kwa hiyo usiandike "je venirai" wala "je pouvoirai". Kariri kwa kufuata sura. Venir, tenir na vouloir huingiza d: viendr-, tiendr-, voudr-, il faudra ni ya kundi hilo. Voir, pouvoir, envoyer, courir na mourir hupata r mbili: verr-, pourr-, enverr-, courr-, mourr-. Devoir na recevoir huwa devr- na recevr-. Yaliyobaki hayana njia ila kuyameza: ser- (être), aur- (avoir), ir- (aller), fer- (faire), saur- (savoir).

Jihadharini na wanaouza Kifaransa cha wiki moja kwa kuwarukisha mashina haya. Mwanafunzi wao huonekana anaongea vizuri mpaka afike kwenye conditionnel, ambayo hutumia mashina yale yale na kubadili viishio tu: je viendrai, nitakuja, je viendrais, ningekuja. Hapo "je vais" haimwokoi, na hata kuomba kwa adabu, "je voudrais", "pourriez-vous", kunamshinda.