Magunia 100 ya mahindi yasiyokauka, tisini makavu: hesabu iliyonifanya nimshuku mtu bure

Mwaka ule mvua ya Oktoba haikutupa nafasi huku kwetu Trans Nzoia. Mahindi tulikuwa tumeyakata na kuyasimamisha shambani mafungu mafungu, yakawa yanakauka mchana na kulowa usiku. Niliposikia mashine ya kupukuchua imefika kwa jirani nikaiita ije kwangu, nikapata magunia 100, kila moja limepimwa kwenye mizani likatimia kilo 90. Jumla kilo 9,000. Kipima unyevu kikasoma asilimia 22.

Bodi ya nafaka hupokea mahindi yasiyozidi unyevu wa asilimia 13.5, na wasagaji wengi hufuata kiwango hicho hicho. Nikakaa na kalamu: 22 toa 13.5 ni 8.5. Asilimia 8.5 ya kilo 9,000 ni kilo 765. Basi nitabaki na kilo 8,235, yaani magunia 91 na nusu. Nikamwahidi mnunuzi magunia 91, na pesa yake nikaipangia kazi kabla sijaishika.

Siku ya kufungasha tukapata kilo 8,060. Magunia 89 na kilo 50. Kilo 175 hazikuwepo, karibu magunia mawili. Aliyekuwa akilala kwenye turubai kulinda ni kijana mmoja, na mimi, bila kufikiri mara mbili, nikamwita kando nikamuuliza mahindi yameenda wapi. Akaniambia, "Mama, sijaondoka hapa hata usiku mmoja." Sikumwamini. Hilo linaniuma mpaka leo, na ndiyo sababu naandika haya, kwa maana najua msimu huu kuna mwenye shamba mahali atakayefanya hesabu kama yangu na kumtazama mfanyakazi wake kwa jicho lile lile.

Aliyenitoa gizani ni mzee aliyefanya kazi ya ghala miaka mingi. Nilimpelekea daftari nikitaka anisaidie kujua nimeibiwa kiasi gani. Akasoma, akasema, "Mama, hujaibiwa. Umekosea kugawanya."

Alinieleza kwa gunia moja, nami nitalieleza hivyo hivyo. Kipimo kinaposoma 22, maana yake ni kwamba katika kila kilo 100 za mahindi kama yalivyo hapo, kilo 22 ni maji. Katika gunia la kilo 90, maji ni kilo 19.8 na sehemu kavu ni kilo 70.2. Jua linaondoa maji tu. Zile kilo 70.2 haziendi popote, zitakuwepo kabla na baada ya kuanika. Kwa hiyo swali si "nitapunguza asilimia ngapi", swali ni: gunia litakuwa na uzito gani siku ambayo kilo 70.2 zitakuwa ni asilimia 86.5 ya uzito wote? Unagawanya 70.2 kwa 0.865, unapata kilo 81.16. Ndizo kilo zako.

Mimi nilidhani nitapata kilo 82.35 kwa gunia. Mzee akaniambia nijipime mwenyewe: gunia lenye kilo 82.35 huku sehemu kavu ikiwa kilo 70.2, maji yake ni kilo 12.15. Gawanya kwa 82.35, unapata karibu asilimia 14.8. Kumbe ningesimama kwenye uzito niliouota, mahindi yangekuwa hayajakauka na yangerudishwa langoni. Kosa langu lilikuwa kuichukua ile 22 na ile 13.5 kama asilimia za mzigo mmoja. Ya kwanza ni ya mzigo mzito wa mwanzo, ya pili ni ya mzigo uliokwisha kupungua, kwa hiyo haziwezi kutolewa moja kwa nyingine namna ile.

Hesabu yenyewe ukiiandika ni fupi:

```
kilo za mwisho = kilo za mwanzo × (100 − unyevu wa mwanzo) ÷ (100 − unyevu wa mwisho)

9,000 × (100 − 22) ÷ (100 − 13.5) = 8,116
```

Kilo 8,116 ni magunia 90 na kilo chache. Kutoka hapo hadi kilo 8,060 nilizozipata kuna upungufu wa kilo 56, na hizo nazo zina maelezo: vumbi na makapi yaliyopeperuka wakati wa kugeuza, punje zilizomwagika, kuku, ndege. Ni zaidi kidogo ya nusu ya asilimia ya mzigo. Siku hizi naitoa nusu ya asilimia mapema kabla sijaahidi chochote. Kijana nilimwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia nikimhoji.

Kwa anayetumia gunia la kilo 90, kuna njia rahisi ambayo nimeishika kichwani. Ukikausha kufikia 13.5, kila pointi moja ya unyevu inayozidi hapo huondoa kilo 1.04 kwenye gunia, kwa sababu 90 gawanya kwa 86.5 ni 1.04. Mahindi ya 18 yamezidi kwa pointi 4.5, basi gunia litapoteza kilo 4.7. Ya 28 yamezidi kwa 14.5, litapoteza kilo 15, na magunia 100 yatabaki 83 tu. Wenzetu wa Tanzania wanaopima kwa gunia la kilo 100 watumie kilo 1.16 kwa pointi. Lakini gunia liwe limepimwa kwenye mizani kweli. Gunia lililojazwa kwa macho au kwa debe halisemi chochote kuhusu kilo, na hasa mahindi yenye maji.

Hesabu hii yote inasimama juu ya ile namba ya kwanza, 22, na hapo ndipo wengi tunapoteleza. Kipimo kidogo cha mkononi hakioni maji yenyewe, kinapima jinsi umeme unavyoitikia nafaka, kisha kinakadiria. Mahindi yakiwa ya moto kutoka juani yanaweza kukidanganya. Yaweke kivulini yapoe kwanza, na hakikisha kipimo kimewekwa kwenye mahindi, si kwenye ngano. Udanganyifu mkubwa zaidi ni wa punje iliyokauka ngozi huku ndani bado ina maji. Baada ya siku moja ya jua kali nimewahi kusoma 13.4 jioni, nikafurahi, asubuhi yake mahindi yale yale yakasoma 15. Hakuna maji yaliyoongezwa, yalikuwa tumboni mwa punje yakatoka nje usiku. Siku hizi sisomi kipimo cha mwisho mpaka mahindi yamelala usiku mmoja yakiwa yamerundikwa na kufunikwa. Na sampuli siichukui mdomoni mwa gunia tu. Natumia bambo, nachoma magunia kadhaa, juu, kati na chini, nachanganya, ndipo napima.

Kuna wanaotumia chumvi: chumvi kavu na mahindi ndani ya chupa kavu, unatikisa, unasubiri kama robo saa, chumvi ikinata kwenye kuta za chupa mahindi yamezidi kama asilimia 15. Inasaidia kujua kwamba bado. Haiwezi kukuambia kama ni 16 au 22, wala haitofautishi 14.5 na 13.5, kwa hiyo haikufai kwa hesabu ya kilo.

Kama huna kipimo, lipia kupimiwa mara moja tu, mwanzoni, halafu acha mizani ikufanyie kazi iliyobaki. Mimi napima kilo 10 kamili za mahindi kutoka kwenye mzigo uleule, naziweka ndani ya mfuko wa wavu, nautandaza katikati ya turubai kwa unene uleule wa mahindi mengine, na tunaugeuza kila tunapogeuza mengine. Kwa mahindi ya 22, kanuni ile ile inasema kilo 10 zitakuwa zimefika 13.5 zikibaki kilo 9 na gramu 20. Kila pointi ni kama gramu 115, kwa hiyo mizani ya kuning'iniza inayosoma gramu 50 inatosha. Punje zisimwagike, maana punje iliyopotea itaonekana kama maji yaliyokauka. Kijana yule yule ndiye anayepima mfuko huo jioni na kuandika daftarini, na daftari hilo ndilo ninaloliamini mimi na yeye.

Mfuko huo pia umenizuia kukausha kupita kiasi. Mahindi yale ya kilo 9,000 yakifikishwa asilimia 11 yanabaki kilo 7,888. Ukilinganisha na 13.5, umepoteza kilo 228 nyingine, magunia mawili na nusu ambayo mnunuzi hakukuomba na hatakulipia. Ya kuweka nyumbani kwa miezi mingi nayashusha zaidi, karibu 12, kwa kuwa kuvu wanaoleta sumukuvu hawachezewi. Kilo zinazopungua hapo nazihesabu kama gharama ya kuyalinda. Ya kuuza wiki ijayo nayafunika mfuko ukifika kilo 9.

Hesabu hii imebadilisha pia namna ninavyozungumza na madalali wanaokuja shambani kabla hujaanika. Tuseme gunia kavu ni shilingi 4,000, naye anakupa 3,500 kwa gunia la kilo 90 lenye unyevu wa 22. Zamani ningeona ananipunja mia tano. Sasa najua gunia hilo litabaki kilo 81.16, ambazo kwa bei ya kavu ni shilingi 3,607. Toa nusu ya asilimia ya kumwagika, toa vibarua, turubai na ulinzi, tuseme shilingi 120, na mimi nabaki na kama 3,470. Bei yake ni nzuri, na mawingu yakiwa yamekaa juu ya Mlima Elgon ninampa. Akisema 3,200, naanika. Na anayekata uzito badala ya bei, muulize anakata kilo ngapi kwa pointi. Kilo moja na kidogo ni maji. Akikata mbili, ile ya pili anajilipa kwa kazi ya kukausha, na hiyo ndiyo ya kujadiliana naye.