Vipele vya mkanda wa helmeti, kunawa sana ndo kulinimaliza

"Wakuu naendesha pikipiki kila siku, helmeti kichwani masaa 8 mpaka 10. Vipele vimejaa kidevuni na kwenye paji la uso, mashavu safi kabisa. Nanawa uso mara nne kwa siku na bado. Nifanyeje?"

Mkuu pole, hiyo kitu nimekaa nayo karibu mwaka mzima. Na mimi nilikuwa nanawa hivyohivyo, tena kwa dodoki, nikidhani ni uchafu wa barabarani. Nikaishia na vipele vilevile plus madoa meusi ambayo yalichukua miezi kufifia, kwa hiyo kabla ya yote weka hilo dodoki mbali, mara mbili kwa siku zinatosha, sabuni laini na vidole tu.

Kilichonifumbua macho ni kioo. Siku moja navua helmeti naona upande wa kulia wa taya una vipele vingi kuliko kushoto, na kulia ndo kifungo cha mkanda kinapokaa, yaani vimejipanga kwa mstari kama mtu kachora na rula. Chunusi za kawaida hazifuati mkanda. Hizi zinatokana na ngozi kubanwa, kusuguliwa na kuloa jasho kwa wakati mmoja: jasho linailainisha ngozi inavimba, mdomo wa kitundu cha nywele unaziba, halafu mkanda unaendelea kusugua palepale mpaka panawaka. Ukitaka uhakika angalia siku ukipumzika kuendesha wiki moja au mbili, vikianza kutulia vyenyewe jibu unalo.

Sasa usije ukalegeza mkanda, nakuona unavyowaza. Helmeti iliyolegea inachomoka ukianguka. Mi nilichofanya nimeuvisha mkanda kitambaa laini cha pamba, kama soksi hivi, na ninavyo vitatu nabadilisha kila siku. Kichwani navaa kikofia chembamba cha pamba chini ya helmeti, kikiloa nabadilisha mchana, sisubiri jioni. Na zile sponji za ndani, kama zako zinachomoka zitoe kila wiki uzifue kwa sabuni isiyo na manukato, suuza mpaka povu liishe, zikauke kabisa kabla ya kurudisha. Za kwangu mara ya kwanza kuzifua maji yalitoka rangi ya chai, nikajua kwa nini paji la uso linalia. Kama unapaka mafuta mazito ya nywele punguza pia, joto likipanda yanashuka yote kwenye paji.

Asubuhi napaka losheni nyepesi isiyo na mafuta, naiacha ikauke ndo navaa, inapunguza msuguano. Nikifika mahali pa kupumzika navua, nagusagusa jasho na kitambaa safi, SIFUTI kwa nguvu.

Dawa nilitumia moja tu, benzoili peroksidi ya asilimia 2.5, safu nyembamba usiku kwenye mstari wa vipele. Usikimbilie ile kali ya 10, inakausha na kuchoma, na ngozi iliyokauka ikisuguliwa tena unarudi mwanzo. Halafu inachubua rangi ya nguo, mi foronya yangu ya bluu ina mabaka meupe mpaka leo, kwa hiyo dada zetu wa mitandio muwe makini isije ikala hijabu. Uvumilivu unahitajika, mi wiki nne za mwanzo sikuona kitu, ya sita hivi ndo vipya vikaacha kutoka, nikaendelea mpaka ya kumi.

Wenye barakoa na mitandio mambo ni yaleyale, kitambaa kikiloa badilisha, na usifunge mtandio juu ya nywele mbichi. Kola ya shati kidogo tofauti, kwa mwanaume vipele vya shingoni mara nyingi ni ndevu zilizojikunja na kuingia ndani baada ya kunyoa, kola inachochea tu, hapo acha kunyoa karibu sana kwanza uone.

Ila mkuu angalia na hili, kama vinawasha sana, vidogo vyote saizi moja na vimejaa kwenye mstari wa nywele, inaweza ikawa fangasi, dawa hii haitakusaidia sana. Na kama ngozi inabanduka na kuwasha palepale mpira au rangi ya sponji inapogusa, huo ni mzio, badilisha hiyo sponji. Vikiwa vigumu vinauma kwa ndani na vinaacha makovu, nenda kwa daktari wa ngozi mapema, usivikamue.

Halafu tuambie kifungo chako kinakaa upande gani, nina hamu ya kujua kama ndo huohuo wenye vingi.