"Had" kwenye ripoti ya ajali

Swali: "Naandika ripoti za ajali za bandarini Kilindini kwa Kiingereza. Had niiweke wapi?"

Ndugu, ukifuata saa, wakati uliopita wa kawaida watosha: "The sling snapped. The box fell." Had ni ya kurudi nyuma. "When the supervisor arrived, the driver left": msimamizi alifika, ndipo dereva akaondoka. Ukiandika "the driver had left", dereva alikuwa keshaondoka, hawakukutana. Neno moja hilo, na msimamizi, shahidi wako, hana tena alichokiona!

Penye before au after si lazima, mfuatano umeshasemwa. Ukiimwaga had kila sentensi, msomaji hubaki akingoja tukio kuu lisilofika. Ikikutatanisha, taja saa: "The driver left at 14:05. The supervisor arrived at 14:20."